Mita moja, nyumba sita: jinsi ya kugawana stima ya ploti bila mtu kuonewa

Ploti nyingi za Manyatta na Nyalenda hapa Kisumu zimejengwa kwa mtindo mmoja: nyumba sita au nane zinazotazamana, bomba la maji uani, na mita moja ya Kenya Power inayolisha milango yote. Tokeni zikiisha saa mbili usiku, watu wanachangishana gizani. Mwenye balbu mbili na simu anatoa mia mbili, mwenye friji na feni anatoa mia mbili, na kabla wiki haijaisha maneno yameanza tena.

Mwongozo huu ni wa ploti ya namna hiyo: mita moja ya tokeni, nyumba sita, na watu ambao bado wanataka kusalimiana asubuhi. Msingi wake ni huu: gawaneni uniti kwanza, shilingi baadaye. Tena kila mwezi, jumla ya uniti za nyumba zote pamoja na za matumizi ya pamoja lazima ilingane na zile zilizopita kwenye mita kuu. Hesabu isiyolingana na mita kuu ni maoni tu, hata kama imeandikwa vizuri namna gani.

Kwanza, jueni mmetumia uniti ngapi na moja imewagharimu pesa ngapi

Mkinunua tokeni, ujumbe unaoingia kwenye simu huwa na sehemu tatu mnazohitaji: `Units`, yaani uniti mlizopata, `Amt`, pesa mliyolipa, na `OtherCharges`, makato yaliyo nje ya bei ya stima yenyewe, kama vile ushuru na tozo. Msijisumbue kukokotoa kila tozo. Chukueni ujumbe wote wa mwezi, jumlisheni pesa zote, jumlisheni uniti zote, kisha gawanyeni pesa kwa uniti. Hiyo ndiyo bei halisi ya uniti moja kwenye ploti yenu mwezi huo, ushuru ukiwa ndani.

Chukueni ujumbe wote, si ule wa mwisho peke yake. Tozo ya mafuta na ile ya kubadilika kwa thamani ya shilingi hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo elfu mbili ya leo inaweza isilete uniti sawa na elfu mbili ya mwezi uliopita. Na kama kwenye makato kuna deni la zamani la mwenye nyumba au la mpangaji aliyehama, litoeni kwanza kabla ya kukokotoa bei. Hilo deni lina mwenyewe.

Uniti mlizonunua, hata hivyo, si lazima ziwe ndizo mlizotumia. Mwezi unaweza kuanza na salio na kuisha na salio. Kwa hiyo jioni ya tarehe ya mwisho, someni salio la mita kuu na kulipiga picha, kisha mpige hesabu hii:

```
zilizotumika = salio la mwanzo + zilizonunuliwa - salio la mwisho
bei ya uniti = pesa zote za tokeni / uniti zote zilizonunuliwa
```

Tuchukue ploti moja ya nyumba sita na tukae nayo hadi mwisho. Mwezi ulianza na salio la uniti 18. Walinunua mara tatu: 2,000 wakapata 69, 2,000 tena wakapata 69, na 1,800 wakapata 62. Jumla ni shilingi 5,800 kwa uniti 200, yaani shilingi 29 kwa uniti. Mwezi uliisha salio likiwa 6. Basi zilizotumika ni 18 + 200 − 6, yaani uniti 212, na gharama yake ni shilingi 6,148. Hii ndiyo pesa ya kugawana. Ile 5,800 ni pesa iliyonunua tokeni tu.

Njia ya kwanza: mita ndogo kwa kila nyumba

Mita ndogo, ambayo mafundi wengi huita sabumita, ni njia bora kama mwenye nyumba anakubali. Lakini kabla hamjanunua hata moja, hakikisheni laini za nyumba zenu zimetengana. Ploti nyingi ziliongezwa chumba baada ya chumba, na fundi wa wakati ule alivuta waya kutoka mahali palipokuwa karibu. Unakuta soketi ya nyumba ya pili inakula kwenye laini ya nyumba ya kwanza, au taa ya choo cha nje imeungwa kwa mtu mmoja miaka yote bila yeye kujua.

Kuijua hali yenu si kazi ngumu. Mchana, watu wakiwepo, zimeni breka ya nyumba moja pekee. Mwenye nyumba hiyo ajaribu kila taa na kila soketi yake, na majirani nao wajaribu zao. Kila kinachozimika kiandikwe. Rudieni kwa nyumba zote sita. Kikizimika kitu cha jirani, au kikibaki kimewaka kitu kilichopaswa kuzimika, laini zimechanganyika, na mita ndogo itakayofungwa hapo itamdai mtu stima ya mwenzake. Laini zitenganishwe kwanza. Na kama ploti nzima ina breka moja tu, maana yake hakuna laini za nyumba hata kidogo, na kazi ya waya itakuwa kubwa kuliko bei ya mita zenyewe. Katika hali hiyo ningewashauri muanze na njia ya pili.

Kazi ya kufunga ipewe fundi mwenye leseni ya EPRA. Mita ndogo hukaa baada ya mita ya Kenya Power na baada ya swichi kuu ya ploti, kila moja kwenye laini ya nyumba yake. Sili ya mita kuu haiguswi na mtu. Kuichezea ni kosa la kisheria. Kwa nyumba ya kawaida inatosha mita ya faisi moja, ile nyembamba inayokaa pamoja na breka kwenye kisanduku. Usoni mwake tafuteni 230 V, kiwango cha mkondo kama 5(60) A, na idadi ya mimweko kwa uniti moja, kwa kawaida 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh. Nambari hiyo ya mwisho itawafaa sana hapa mbele.

Kuna aina mbili sokoni. Moja husomwa tu: inahesabu na ninyi mnaandika. Nyingine ni ya tokeni, ambapo kila mpangaji hununua tokeni zake kupitia kampuni binafsi au kwa mwenye nyumba. Kwa ploti ndogo ninapendelea ile ya kusomwa. Ya tokeni ina mambo mawili ambayo wapangaji huyajua wakiwa wamechelewa. Kwanza, bei yake ya uniti hupangwa na anayeuza na inaweza kuwa na ada juu yake, kwa hiyo ilinganisheni na ile 29 mliyoipata kwenye ujumbe wa Kenya Power. Pili, unaweza kuwa na uniti thelathini kwenye mita yako ndogo na bado ukakaa gizani, kwa sababu mita kuu imeisha na anayepokea pesa zenu hajanunua tokeni.

Mita zikishafungwa, zijaribiwe kabla ya kuaminiwa. Zimeni nyumba zote isipokuwa moja, washeni humo kitu kizito kama koili, kisha hesabuni mimweko ya taa nyekundu ya mita ndogo kwa dakika moja huku mwenzako akihesabu ya mita kuu. Mkizigeuza kuwa uniti kwa nambari zilizoandikwa kwenye kila mita, majibu yanapaswa kukaribiana sana. Ikiwa mita ndogo haimweki kabisa wakati koili ni nyekundu, nyaya za kuingia na kutoka huenda zimebadilishana, au nyumba hiyo inapata stima kwa njia nyingine isiyopita hapo. Fundi asilipwe hadi nyumba zote zijaribiwe.

Usomaji nao una mtego wake. Mita nyingi zenye namba za kuzunguka huwa na tarakimu ya mwisho yenye rangi nyekundu. Hiyo ni sehemu ya kumi ya uniti. Mita inayoonyesha 01247, ile 7 ikiwa nyekundu, imehesabu uniti 124.7 tu. Mtu akisoma haraka atamwandikia jirani mara kumi ya alichotumia. Ndiyo maana picha ni bora kuliko daftari peke yake: mita zote sita na mita kuu zipigwe picha jioni ile ile, ndani ya nusu saa, na ziwekwe kwenye kundi la WhatsApp la ploti ambapo kila mtu anaona ya kila mtu.

Sasa turudi kwa ploti yetu. Kusoma mwisho wa mwezi na kutoa usomaji wa mwanzo kumeleta hivi: nyumba ya kwanza uniti 22, ya pili 41, ya tatu 15, ya nne 63, ya tano 30, ya sita 26. Jumla ni 197. Mita kuu ilisema 212. Zimebaki 15 ambazo hazimo kwenye nyumba yoyote.

Msizigawe kabla hamjajua ni za nini. Ploti hii ina taa nne za usalama za wati 9, zinazowaka kwa muda wa saa 12 kila usiku. Wati 36 kwa saa 12 kwa siku 30 ni uniti 13 hivi. Mbili zilizobaki ni za mita ndogo zenyewe, ambazo nazo hula kidogo mchana na usiku, na za nyaya. Basi pengo lina maelezo, na hizo 15 zinagawanywa sawa kwa sita, uniti 2.5 kila nyumba, kwa sababu taa ya uani inamulikia wote.

| Nyumba | Mita ndogo | Pamoja na 2.5 | Kwa shilingi 29 |
|---|---|---|---|
| 1 | 22 | 24.5 | 710.50 |
| 2 | 41 | 43.5 | 1,261.50 |
| 3 | 15 | 17.5 | 507.50 |
| 4 | 63 | 65.5 | 1,899.50 |
| 5 | 30 | 32.5 | 942.50 |
| 6 | 26 | 28.5 | 826.50 |
| Jumla | 197 | 212 | 6,148.00 |

Kama wangechanga sawa, kila nyumba ingelipa karibu 1,025. Nyumba ya tatu, anakoishi kijana anayefanya kazi ya zamu na kurudi kulala tu, ingelipa mara mbili ya stima yake. Na nyumba ya nne, ya mama anayeuza juisi na barafu, ingekuwa ikisaidiwa biashara na majirani bila wao kuulizwa.

Pengo hilo la 15 liangalieni kila mwezi. Likibaki 14 au 16, ni sawa. Likiruka hadi 30 bila taa mpya kuongezwa, kuna jambo. Zimeni breka zote sita na taa za nje mchana, kisha mtazame taa nyekundu ya mita kuu. Ikiendelea kumweka, kuna kitu kimeungwa kabla ya mita ndogo. Isipomweka, washeni nyumba moja moja mkilinganisha mimweko kama siku ya kwanza. Kwa kawaida mtakuta mita ndogo moja imekwama au inahesabu pungufu.

Njia ya pili: makadirio kwa vifaa

Pale ambapo mwenye nyumba hataki gharama, au waya hautenganishiki, mnaweza kukadiria kwa vifaa. Njia hii ni halali na inafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani, lakini ina mahali inapovuja, na nitawaonyesha.

Kila nyumba iorodheshe vifaa vyake, wati zake, na saa zake kwa siku. Hesabu ni wati mara saa, gawanya kwa 1,000, upate uniti za siku. Balbu ya wati 9 kwa saa tano ni uniti 0.045, yaani karibu si kitu. Televisheni ya wati 50 kwa saa tano ni 0.25. Feni ya wati 55 ikizunguka saa kumi, na Kisumu huzunguka kweli, ni 0.55.

Vitu vinavyoleta joto ndivyo vya kukaziwa macho. Koili ya wati 1,000 ikiwashwa saa mbili kwa siku ni uniti 60 kwa mwezi, karibu sawa na nyumba nzima ya muuza barafu. Shawa ya umeme ya kilowati 5 kwa dakika nane ni uniti 0.67 kwa mtu mmoja anayeoga mara moja. Kwa mwezi ni 20. Watu hupigania televisheni na woofa kwa sababu zinasikika. Koili haipigi kelele.

Friji inahitaji uangalifu wake. Usichukue wati zilizoandikwa nyuma yake ukazidisha kwa saa 24, kwa maana kompresa huwaka na kuzimika, na utakuwa umemwonea mwenye friji. Mara nyingi friji mpya huwa na kibandiko cha nishati kinachosema inakula uniti ngapi kwa mwaka. Gawanya kwa 365. Lakini hicho ni kipimo cha maabara, na friji inayofunguliwa mara arobaini kwa siku kwenye joto la ziwani itakula zaidi. Bora zaidi ni kipimo cha kuchomeka kwenye soketi, kile kidogo kinachokaa kati ya soketi na plagi na kuonyesha uniti. Ploti nzima inaweza kununua kimoja. Kiacheni kwenye friji kwa saa 24 kamili, siku ya kazi ya kawaida, kisha kihamie nyumba nyingine.

Kama mita kuu iko ukutani mnapoweza kuifikia, nayo ni kipimo. Tuseme imeandikwa 1600 imp/kWh. Zimeni vyote, washeni koili ya jirani peke yake, na mhesabu mimweko. Ikimweka mara 20 kwa sekunde 45, hiyo ni 20 gawanya kwa 1,600, yaani uniti 0.0125 kwa sekunde 45. Saa moja ina sekunde 45 mara 80. Zidisha kwa 80 na unapata kilowati 1 kamili. Sasa mnajua wati za koili hata kama maandishi yake yalishafutika kwa moto. Kwenye ploti ambazo mita iko juu ya nguzo na ndani mna kibodi cha kuingizia tokeni tu, hili halitawezekana, na kipimo cha soketi ndicho kitawafaa.

Turudi ploti ile ile na tujifanye hakuna mita ndogo. Nyumba ya nne ilikadiriwa hivi kwa siku: friji 1.07 kwa kipimo cha soketi, feni 0.55, televisheni 0.25, balbu tatu 0.14, blenda dakika kumi na tano 0.09, simu 0.03. Jumla ni 2.13 kwa siku, na kwa siku 30 tuseme uniti 64. Nyumba nyingine zilitoka 19, 38, 13, 24 na 20 kwa mpangilio wao. Jumla ya nyumba sita ni 178. Taa za nje ni 13. Makadirio yote ni 191, na mita kuu inasema 212. Uniti 21 hazina mwenyewe.

Hapo ndipo njia hii inapovuja, na hapo ndipo ploti nyingi hukosana.

Kuna njia mbili za kuziba pengo hilo. Ya kwanza ni kuligawa sawa kwa sita, na itamwumiza mwenye matumizi madogo. Ya pili ni kulipandisha kwa uwiano: uniti 212 toa 13 za taa ni 199, 199 gawanya kwa 178 ni 1.118, kila nyumba izidishwe kwa 1.118, kisha iongezwe 2.17 za taa. Nyumba ya tatu inapanda kutoka 13 hadi 14.5, ya tano kutoka 24 hadi 26.8, ya nne kutoka 64 hadi 71.6. Ukiweka shilingi, nyumba ya nne italipa 2,138 badala ya 1,899.50 iliyosemwa na mita ndogo, na nyumba ya tano italipa 841 badala ya 942.50.

Tazameni kilichotokea. Mama wa nyumba ya nne alitaja kila kitu, hata blenda, na anaongezewa karibu 240. Nyumba ya tano, ambayo kuna kitu haikukitaja, imepunguziwa mia moja. Uwiano humtoza zaidi aliyesema kweli, kwa kuwa makadirio yake ndiyo makubwa. Nilisikia malalamiko ya namna hii yakisemwa kwa uchungu kabisa: “Friji yangu mliiona kwa sababu ni kubwa. Hita ya maji ya chini ya kitanda nani aliiona?”

Kwa maoni yangu, pengo likiwa dogo waziwazi kuliko asilimia kumi ya mita kuu, tumieni uwiano na mwendelee na maisha. Likikaribia hapo au kuzidi, kama hili la 21 kwenye 212, msigawe hadi mtafute kwanza. Kwa makubaliano ya wote, msome salio la mita kuu saa kumi na mbili jioni na saa tatu usiku kwa siku kadhaa, kisha saa tatu usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Orodha zenu zinawaambia kiasi gani kinapaswa kuliwa katika kila kipindi. Uniti zilizopotea zikiwa za jioni, kuna mtu anapika au anachemsha maji. Zikiwa za usiku wa manane, tafuteni friji ambayo mpira wa mlango umechakaa na kompresa haipumziki, au waya unaovuja. Mara nyingi kitu kikishajulikana kipindi chake, mwenyewe hukitaja bila kubanwa, na hilo ni jema kuliko kuingia nyumba za watu kukagua.

Msikubali pia kugawa kwa idadi ya vichwa peke yake. Maji hugawika hivyo kwa kiasi, lakini friji ya mtu anayeishi peke yake hula sawa na friji ya watu watano.

Jambo ambalo hesabu yoyote haitalitatua

Tangu Aprili 2023, Kenya Power huwaweka wateja wa nyumbani katika madaraja matatu: wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi, wanaotumia zaidi ya 30 hadi 100, na wanaozidi 100, kwa kutazama wastani wa miezi mitatu. Bei ya msingi ilianza kwa shilingi 12.22, 16.30 na 20.97 kwa uniti kabla ya ushuru na tozo, na imekuwa ikirekebishwa baadaye. Mteja hapa ni mita, si mtu. Ploti inayokula 212 iko daraja la juu, na kila uniti yake inauzwa kwa bei ya juu.

Kwa hiyo kijana wa nyumba ya tatu, mwenye uniti 15, analipa bei ya daraja la juu ilhali akiwa na mita yake angekuwa daraja la chini kabisa. Hata nyumba ya nne peke yake ingekuwa daraja la kati. Mgao mzuri utamlinda asilipie uniti za mwenzake, lakini hautamrudishia tofauti hiyo ya bei. Dawa yake ni mwenye nyumba kuwaombea wapangaji mita za Kenya Power za kila nyumba, na laini zilizotenganishwa kwa ajili ya mita ndogo ni nusu ya kazi hiyo. Mkienda kuzungumza naye, pelekeni jedwali la miezi mitatu. Jedwali husikilizwa kuliko malalamiko.

Pesa ikae wapi, na mtu akihama

Tokeni hulipwa kabla ya kutumika, na hesabu hupatikana baada ya kutumika. Bila akiba, mtunza hesabu atakuwa anakopesha ploti nzima. Kila nyumba iweke amana siku ya kwanza, inayokaribia matumizi yake ya mwezi: kwenye ploti yetu, nyumba ya tatu 500, nyumba ya nne 1,900. Amana hizo ndizo zinanunua tokeni. Mwisho wa mwezi kila mmoja hulipa alichotumia, na akiba inarudi pale ilipokuwa. Mtu akichelewa, amana yake ndiyo inayopungua, wala si ya jirani. Salio lililobaki kwenye mita, kama zile uniti 6, ni mali ya akiba na litaingia kama salio la mwanzo mwezi ujao, kwa hiyo hakuna anayelilipia mara mbili.

Anayenunua tokeni na anayesoma mita wawe watu wawili, na ujumbe wa kila ununuzi upelekwe kwenye kundi siku hiyo hiyo ukiwa mzima, pamoja na `Units` na `Amt`.

Mtu akihama katikati ya mwezi, mita yake ndogo isomwe siku anayorudisha ufunguo, picha ipigwe akiwepo, na atozwe kwa bei ya uniti ya ununuzi wa mwezi huo hadi siku hiyo. Kwa taa za pamoja atozwe kwa siku alizokaa: akiondoka tarehe 12 ya mwezi wa siku 30, mgao wake wa 2.5 unakuwa uniti 1. Kwa makadirio, uniti zake za siku zizidishwe kwa siku 12, na kiwango cha kupandisha kiwe cha mwezi uliopita, maana cha mwezi huu bado hakijulikani. Kisha arudishiwe amana yake pale pale, toa alichotumia. Anayeingia aanze na usomaji wa siku anayopokea ufunguo, hata kama nyumba ilikaa wazi siku tatu. Na kama mita imesogea katika siku hizo tatu huku hakuna mtu ndani, fundi aitwe kabla mpangaji mpya hajafungua mizigo.